Mishale Isiyokosea Kamwe

Nimetumiwa tena ile picha. Chati ya EURUSD, yaani bei ya euro kwa dola, mshale mwekundu juu ya kila kilele, wa kijani chini ya kila bonde, na maneno: "Indiketa hii haikosei, laki moja na nusu tu, ofa inaisha Jumapili." Ofa hiyo inaisha Jumapili tangu msimu wa korosho ulipofunguliwa. Jamaa hawa kalenda ya huku Kusini wanaijua vizuri: mnada ukipita na wakulima wakilipwa, vijana wa Mtwara, Masasi hadi Newala wanaanza kumiminiwa mishale.

Bei zilizomo kwenye picha ile ni za kweli. Kilichoghushiwa ni saa ambayo mshale ulitokea.

Vitu vingi vya aina hii ni ZigZag tu, ile indiketa inayokuja bure ndani ya MetaTrader, programu ya kufanyia biashara ya forex, imevalishwa rangi na mishale kisha ikapewa jina la kutisha. ZigZag inaunganisha vilele na mabonde. Bei ikipanda, inaweka ncha ya mstari kwenye kilele cha juu kabisa ilichokiona mpaka hapo. Mshumaa unaofuata, yaani kipande kinachofuata cha bei kwenye chati, ukipita juu zaidi, inaifuta ncha ile na kuiweka kwenye kilele kipya, bila kuacha alama yoyote kwamba iliwahi kukaa pengine. Ncha ya mwisho ni ya muda mpaka bei igeuke na bonde lijitengeneze upande wa pili. Sasa mtu abandike mshale wa "uza" kwenye ncha hiyo, uone.

Rafiki wa mdogo wangu, kijana wa hapa Ligula, aliinunua indiketa hiyo kwa hela ya korosho aliyopewa na mama yake. Akaja barazani na simu mkononi, amechoka. "Kaka, mimi nafuata mshale kama ulivyo, mbona naliwa kila siku?"

Nikamwambia aache chati, afungue aleti zilizoingia kwenye simu. Saa tatu asubuhi indiketa ilimwambia auze, bei ikiwa 1.0900. Akauza, stopu losi, ile bei ya kumtoa sokoni mambo yakiharibika, akaiweka pipsi 20 juu, yaani 1.0920. Saa nne bei ikafika 1.0912, ikaingia aleti nyingine: uza. Saa sita ikagusa 1.0931, aleti ya tatu: uza. Wakati huo yeye alishatolewa na pipsi zake 20 zimekwenda. Jioni bei ikashuka hadi 1.0880.

Halafu tukafungua chati ya siku ileile. Mshale mmoja tu, umekaa kwenye 1.0931 kama malkia, na chini yake mteremko wa pipsi 51. Aleti tatu, mshale mmoja. Akatazama simu, akatazama chati, akasema, "Kumbe huu wa asubuhi wameufuta?" Naam, wameufuta. Na picha anayotumiwa mteja mwingine leo inapigwa baada ya kufutwa.

Aleti ndizo zinazowaumbua, kwa sababu ujumbe ulioshaingia indiketa haiwezi kurudi kuufuta. Huna aleti? Fungua Strategy Tester, sehemu ya MetaTrader ya kujaribia kwa bei zilizopita, washa hali ya kutazama chati ikitembea, punguza mwendo, kisha ukodolee macho mshale wa mwisho. Ukiuona unahama au unatoweka huku mishumaa inaongezeka, umeshajua umeuziwa nini. Ukitazama matokeo baada ya jaribio kumalizika hutaona kitu, maana kila mshale utakuwa umeshahamia mahali pake pazuri.

Haya, niwe mwadilifu kidogo, ingawa sina hamu. ZigZag yenyewe haina kosa. Maelezo ya MetaTrader yanasema wazi kwamba kipande chake cha mwisho kinaweza kubadilika. Ukitaka kuhesabu mawimbi au kuchora Fibonacci kwenye mwendo uliokwisha, inafaa sana. Na indiketa yoyote inayosoma mshumaa ambao haujafunga itachezacheza mpaka ufunge. Huo si wizi.

Wengine wameshashtukiwa, sasa wanauza toleo "lisilobadilika". Muulize linaweka mshale wakati gani. Ili asiufute, lazima asubiri bei igeuke kwanza ndipo akubali kwamba kilele ni kilele. Kwa siku ile ya kijana wetu, tuseme anasubiri pipsi 30: mshale unakuja bei ikiwa 1.0901, na mpaka 1.0880 zimebaki pipsi 21, kabla hujatoa spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Siku ambayo bei inarudi pipsi 30 kisha inaendelea kupanda, anakuingiza hasara, na mshale huo unabaki pale pale kwenye chati kila mtu auone. Lakini wengi wa hawa wanasubiri, kisha wanarudi nyuma na kuuchora mshale juu ya kilele, 1.0931, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuuza. Haubadiliki kweli. Umechorwa tu mishumaa kadhaa nyuma ya saa uliyotokea.