Moshi umepungua, kalsiamu haijarudi

“Kama viwanda vimeshapunguza moshi, kwa nini watu bado wanamwaga chokaa ziwani?”

Kwa sababu hasara kubwa ya mvua ya asidi inayotokana na moshi huo ilitokea ardhini, na udongo hupona polepole kuliko hewa. Ila swali hilo lina wenyewe. Wapo wataalamu wanaoona chokaa, inayopunguza uchachu wa maji, ni dawa ya lazima, na wapo wanaoona ni kuuharibu mto kwa mara ya pili.

Tuanzie juu. Makaa ya mawe na mafuta mazito yana salfa ndani yake, na yakichomwa hutoa gesi ya dioksidi ya salfa. Oksidi za nitrojeni asili yake ni tofauti kidogo: joto kali la injini au tanuri huilazimisha nitrojeni ya hewa yenyewe kuungana na oksijeni, kwa hiyo hata mafuta yaliyosafishwa vizuri huzitoa. Gesi hizi zikipanda huendelea kubadilika. Ndani ya matone ya wingu, dioksidi ya salfa hukutana na peroksidi ya hidrojeni na kuwa asidi ya salfuriki. Oksidi za nitrojeni huishia kuwa asidi ya nitriki. Kazi hiyo huchukua saa au siku kadhaa, na upepo haungoji, ndiyo maana mvua huweza kunyesha mamia ya kilomita kutoka bombani. Huko Sudbury, Kanada, mwaka 1972 kiwanda cha kuyeyusha madini kilijengewa bomba la moshi lenye urefu wa mita 381. Mji ulipata nafuu, na moshi ukasafirishwa kwa majirani wa mbali.

Mvua ya kawaida nayo ina uchachu kidogo kwa sababu ya kaboni dioksidi: pH yake, kipimo ambacho namba ikishuka uchachu hupanda, ni 5.6 hivi. Mwaka 1963 watafiti walipoanza kupima mvua katika msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire nchini Marekani, walikuta pH iko karibu na 4. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi.

Msitu huo ndio unaofundisha zaidi, maana walipima kinachoingia kwa mvua na kinachotoka kwa kijito, mwaka baada ya mwaka. Chembe za udongo zina chaji hasi, na juu yake hushikilia kalsiamu na magnesiamu, akiba ambayo miti huila taratibu. Asidi inapopenya, hidrojeni yake hukaa mahali pa kalsiamu, na kalsiamu iliyobanduliwa huondoka na maji. Anayeibeba ni salfeti, sehemu iliyobaki ya asidi ya salfuriki. Ina chaji hasi, haiwezi kutiririka peke yake, lazima itoke na mwenzake mwenye chaji chanya. Wakati kalsiamu ipo, kijito hubaki salama na aliye nje haoni tatizo lolote. Ikipungua, salfeti hutoka na hidrojeni, na mbaya zaidi hutoka na alumini iliyokuwa imefungwa salama ndani ya udongo.

Alumini hiyo ndiyo muuaji wa samaki. Maji ya pH 5 hivi huifanya igande juu ya matamvua. Samaki hutoa ute mwingi kujikinga, anashindwa kuvuta oksijeni, na wakati huohuo chumvi ya damu yake inavuja kwenda majini. Ziwa la namna hii humdanganya mtu kwa macho: maji huwa maangavu kupita kawaida, unaona mpaka chini, na chini hakuna kinachocheza. Dalili nyingine hupatikana wavuni. Unavua samaki wakubwa tu, kwa sababu mayai na vifaranga ndio wanaotangulia kufa.

Si kila ziwa hupata haya. Lililolala juu ya mawe ya chokaa hula asidi hiyo bila kutikisika. Yaliyoumia ni yale ya juu ya graniti yenye udongo mwembamba, ya Skandinavia, Kanada na milima ya kaskazini mashariki ya Marekani. Na hapa kuna jambo linalonichekesha: jiwe linaloliokoa ziwa ndilo linaloangamia likijengewa mnara. Marumaru na jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti, na asidi ya salfuriki huigeuza jasi. Itazame sanamu ya zamani ya marumaru kwa karibu. Upande unaopigwa na mvua ni mweupe na unachubuka kama sukari, kwa kuwa jasi imeoshwa. Chini ya kidevu na kwapani, mvua isikofika, kuna gamba jeusi la jasi iliyonasa masizi. Gamba hilo halikuhitaji mvua. Gesi kavu ya salfa na unyevu wa hewa vilitosha. Kwa hiyo jengo huumizwa zaidi na moshi wa jirani, na ziwa na moshi wa mbali.

Sasa chokaa. Marekani iliibana salfa ya vituo vya umeme kwa sheria ya 1990, na tangu hapo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hata hivyo mwaka 1996 mwanaikolojia Gene Likens na wenzake walionyesha kwamba vijito vya Hubbard Brook vinapona taratibu mno, kwa kuwa akiba ya kalsiamu ilikuwa imeshaondoka. Kuirudisha kwa njia ya asili, kwa jiwe kumomonyoka, ni kazi ya miongo mingi. Wanaotetea chokaa wanasimama hapo: aina ya samaki iliyobaki katika mto mmoja haiwezi kungoja. Sweden na Norway zimemwaga chokaa kwa miongo kadhaa, na samaki wamerudi penye maji yaliyokuwa matupu.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Chokaa ya ziwani huondoka na maji, hivyo lazima irudiwe. Ikimwagwa kwenye kinamasi huua mimea midogo aina ya mosi iliyozoea uchachu tangu enzi. Tena pale maji yenye asidi yanapochanganyika na yaliyotibiwa, alumini huganda papo hapo, na kwa umbali fulani maji huwa sumu kuliko yalivyokuwa kabla ya dawa.

Njia ya tatu ilijaribiwa Hubbard Brook Oktoba 1999. Helikopta ilinyunyiza bonde moja la hekta 11.8 kwa vidonge vya wolastoniti, yaani silikati ya kalsiamu, inayoyeyuka taratibu kuliko chokaa. Lengo lilikuwa kurudisha takribani kiasi kilichopotea. Miti ilinenepa, na pH ya udongo ikapanda. Wengi wangeishia hapo na kushangilia. Lakini walioendelea kupima waliona tabaka la majani yaliyooza likipungua, kwani vijidudu navyo vilipata nguvu, na baada ya mwongo mmoja hivi nitreti, yaani nitrojeni inayoyeyuka majini, ikaanza kumwagika kwa wingi kutoka bonde lile, wakati bonde jirani ambalo halikuguswa lilikuwa likiishikilia nitrojeni yake.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa chokaa mtoni, penye samaki wanaotajika kwa jina na mtu wa kupima maji kila msimu, hasa theluji inapoyeyuka na asidi ya miezi kuteremka kwa siku chache. Kwa msitu mzima ningesita. Udongo uliozoea kukosa kalsiamu kwa nusu karne umeshahifadhi nitrojeni nyingi ndani yake, na ukiutikisa hujui itatokea kijito gani.