Kichwa cha mada chenye ahadi moja: utamu wake na mtego wake

"Kaka, nimepewa dakika 30 kwenye semina ya wakulima kata yetu, niongelee uhifadhi wa mahindi. Mratibu anataka kichwa cha mada na kichwa kidogo leo leo. Nimeandika 'Umuhimu wa Uhifadhi Bora wa Mazao ya Nafaka', mwenzangu anasema nitaje faida moja tu ambayo mkulima ataondoka nayo. Mi naona hiyo inakuwa kama tangazo la mganga. Nani yuko sahihi?"

Mwenzako yuko sahihi kwa sehemu kubwa, ila hofu yako nayo sio ya kupuuza na mimi binafsi nina kovu lake, ntakuja huko.

Tuanze na mganga maana umemtaja mwenyewe. Yale mabango ya kwenye nguzo za umeme ukiyasoma vizuri hayaahidi kitu kimoja hata siku moja, karatasi moja ina kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kuvuta wateja, mali iliyoibiwa, na mitihani humo humo. Halafu vyote hivyo ni vitu ambavyo haviko mkononi mwake. Hayo ni makosa mawili tofauti, kutaja mengi mno na kuahidi usichokimiliki, na samahani kukwambia lakini kichwa chako kina lile la kwanza. Uhifadhi bora wa mazao ya nafaka ni kuvuna kwa wakati, kukausha, kupukuchua, kupepeta, ghala, panya, viuatilifu, mifuko, sumukuvu, mpaka bei ya kuuzia. Kwa dakika 30? Utafika kwenye kupepeta muda umeisha.

Na hilo neno "Umuhimu wa" tumelibeba kutoka shuleni kwenye insha, pamoja na ndugu zake "Mchango wa", "Nafasi ya" na "Changamoto za". Kazi yake ni kumshawishi mtu kwamba jambo lina maana. Sasa mkulima ambaye mwaka jana alifungua gunia mwezi wa pili akakuta punje zina matobo na chini kumejaa unga unga, huyo unamshawishi nini? Umuhimu anaujua kuliko wewe, anachokosa ni namna ya kufanya.

Ila wanaotetea vichwa vipana wana hoja, tusiwaonee. Ya kwanza, semina nyingi za kata watu hawachagui mada, wameitwa na mtendaji wamekuja na watakaa humo mpaka soda zigawiwe, kwa hiyo kichwa hakina kazi ya kuvuta mtu mlangoni kama kwenye mkutano wenye vyumba vitano na kila chumba kina mzungumzaji wake. Ya pili, kichwa kikiwa chembamba kinamtoa mtu. Ukiandika mahindi, yule wa maharage na yule wa mpunga watasema hii sio yangu watatoka nje kuongea na simu. Ya tatu ni ya kiofisi, ripoti ya semina inataka maneno yanayofanana na yale yaliyoombewa hela, na mratibu akiona kichwa chako kimekaa kama hadithi anaweza kukibadilisha bila kukuuliza.

Hoja ya tatu ni kweli na dawa yake ni rahisi, kile kirefu cha kiofisi waachie wakiweke kwenye ripoti, cha kwako kikae kwenye ratiba na kwenye bango la wasap. Ya pili ni kweli nusu, maana wa maharage akikaa kwenye mada pana hapati cha maharage pia, anapata maneno ya jumla tu ambayo hayafungui gunia la mtu yeyote. Ya kwanza ndo nzito zaidi, na jibu langu ni kwamba kichwa kina kazi hata kama watu wameshakaa. Kinakubana wewe mzungumzaji usizurure, na jioni mtu akiulizwa nyumbani "mmefundishwa nini huko" anajibu kwa kichwa cha mada. Ukimpa "umuhimu wa uhifadhi" atajibu "aah, mambo ya mazao", basi imeishia hapo.

Sasa kovu langu. Miaka ya nyuma nikiwa bado na moto wa ujana nilipewa nafasi kama yako, nikaandika "Sahau Dumuzi Milele". Dumuzi si unamjua, yule mdudu ambaye alipoingia upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 watu walifikia kumbatiza skania, jina la lori. Ukumbi ulijaa aisee. Nikafundisha mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, unafunga nailoni moja moja kwa kamba, hewa inaisha, mdudu aliyeko ndani anakosa pumzi anakufa, na kila nilichosema kilikuwa sahihi. Mwezi wa pili mzee mmoja akaja ofisini, akafungua kifuko cha rambo akamwaga kiganja cha mahindi juu ya meza yangu, yana matobo na unga unaanguka kwenye karatasi zangu, akasema tu, "Mwanangu, ulisema milele." Tukaenda kuangalia, kumbe panya alitoboa mfuko kwa chini, tundu la kupita kidole, hewa ikaingia na wadudu wakaendelea na maisha yao. Panya sikumtaja hata mara moja maana muda uliniishia. Lakini mzee hakuja kuulizia panya, alikuja na kichwa cha mada.

Hapo ndo nilipoona mtego ulipo. Faida ziko za aina mbili na zinafanana sana kwenye karatasi. Kuna matokeo, yaani kitakachotokea shambani au ghalani miezi sita baadaye, na hayo yanategemea mvua, panya, mtoto aliyefungua mfuko akachota bila kufunga vizuri. Halafu kuna uwezo, yaani kitu ambacho msikilizaji atakuwa anaweza kukifanya akisimama kwenye kiti chake, ambacho kabla hajakaa alikuwa hakiwezi. Huo wa pili uko ndani ya dakika zako 30 na unaweza kuuona kwa macho kabla hamjatawanyika. Mi siku hizi naahidi uwezo tu, na ukifanya hivyo hofu yako ya mganga inakufa yenyewe.

Tufanye hiki cha kwako sasa. Kabla ya kutafuta maneno matamu andika sentensi kavu: baada ya dakika 30 mkulima ataweza kufanya nini, kwa kutumia nini? Kama kitenzi chako ni "ataelewa" au "atafahamu" kifute, maana huwezi kumwona mtu akielewa. Tafuta cha mkono au cha jicho: atapima, atafunga, atachagua, atatambua. Kwenye mahindi mi ningechukua kupima ukavu, kwa sababu mahindi mabichi ukiyafungia kwenye mfuko mzuri namna gani yanakupa ukungu, na kipimo kipo jikoni kwa kila mtu. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu yenye kifuniko, unaweka mahindi mpaka kama robo, unaongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu vya chakula, unatikisa dakika moja, unaacha itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi.

Rasimu ya kwanza ingekuja hivi: "Hakikisha Mahindi Yako Yamekauka kwa Chumvi". Fupi, ina kitenzi, ina kitu cha mkononi, mwenzako angeipenda. Ila ni ya uongo kidogo, na uongo wenyewe huuoni mpaka uijue kazi. Chumvi huanza kuganda unyevu ukiwa juu ya asilimia 15 hivi, wakati mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke mpaka 13.5 au chini. Kwa hiyo chumvi ikiganda una uhakika hayajakauka, lakini isipoganda huna uhakika kwamba yamekauka, yanaweza kuwa kwenye 14 yakakucheka. Kipimo kinasema kweli upande mmoja tu, na kichwa kikisema "hakikisha" unarudi kwenye meza yangu na mzee wangu.

Rasimu ya pili inageuza ahadi ifuate kipimo kinapoweza kufika: "Chumvi Itakwambia Kama Mahindi Bado Mabichi". Sasa hiyo ni kweli. Wengine watasema umepunguza mvuto, mtu anataka kuambiwa yamekauka sio kuambiwa bado. Inawezekana, lakini ona kwamba hili "bado" ndo linamzuia kufunga mfuko kwa haraka, na hasara inaanzia hapo hapo.

Kichwa kidogo kazi yake sio kurudia kichwa kikubwa kwa maneno mengine, hilo ni kosa naliona kila siku, juu "Pima Mahindi Yako" chini "Njia za Kupima Mahindi", umepoteza mstari. Kichwa kidogo kibebe yale ambayo kikubwa kimeshindwa kubeba: kwa nani, lini, kwa vifaa gani. Mfano, "Kipimo cha chupa cha dakika 20 kwa mkulima, kabla hajafunga mifuko ya kuhifadhi". Hapo wa maharage anajua mapema, anayeuza mahindi mabichi ya kuchoma anajua haimhusu, na anayetegemea kufundishwa viuatilifu hakulaumu. Usitaje sumukuvu kwenye mstari wowote kati ya hiyo miwili, hata kama inashtua watu, kwa sababu chupa ya chumvi haioni sumukuvu na mtu atadhani inaona.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu hiyo mistari miwili, mshereheshaji atasoma wa juu tu. Sijawahi kuona aliyesoma wa chini, anaangalia saa, anataja jina lako analikosea, anasoma kichwa anakupa maiki. Kwa hiyo jaribu kumsomea mtu yeyote hapo nyumbani ule wa juu peke yake, umuulize anadhani atajifunza nini, akisema "kutumia chumvi kuzuia wadudu" rudi ukatengeneze, maana nimewahi kupata jibu hilo kwa mke wangu na nikaongeza neno "kipimo". Kichwa kikawa "Kipimo cha Chumvi: Kitakwambia Kama Mahindi Bado Mabichi". Kirefu zaidi, kimepoa kidogo, ila hakuna aliyekuja na gunia la chumvi.

Mtumie mratibu hicho, na kile cha "Umuhimu" mwambie akiweke kwenye ripoti. Halafu chumvi ya kuonyeshea ianike juani tangu asubuhi, ikiwa na unyevu itaganda kwenye chupa hata kwa mahindi makavu, na utaonekana muongo kwa kosa ambalo sio la kichwa.