Anga kwa kubonyeza mara moja: pale Select Sky inapofaa na inapokwama

“Siku hizi brashi ya nini? Bonyeza Sky, punguza mwanga, picha imekwisha.”

Kwa picha nyingi, mwenzangu aliyesema hivyo ana haki. Kabla ya Oktoba 2021, programu ya kuhariri picha ya Lightroom Classic toleo la 11 ilipoleta Select Sky, kitufe kinachoitambua anga chenyewe, anga iliyokutana na mapaa ya nyumba ilikuwa kazi ya brashi na subira. Mwaka mmoja baadaye toleo la 12 likaongeza Background, inayochagua mandhari ya nyuma. Leo ukiwa na ufuo wazi, mstari wa bahari ulionyooka, au ukuta wa nyumba ya mawe uliokatwa vizuri dhidi ya anga, maski, yaani eneo litakaloguswa na marekebisho, inakamilika kwa sekunde chache na huwezi kuona ilipoishia. Faida yake kubwa zaidi iko kwenye wingi wa picha. Ukinakili marekebisho kwenda picha nyingine, Sky hutafutwa upya ndani ya kila picha, kwa hiyo hata kama mstari wa upeo umepanda au kushuka, maski inaufuata. Gradienti uliyoichora kwa mkono haifanyi hivyo. Inakaa palepale ulipoichora.

Tatizo langu na kauli ile liko kwenye picha kama hii: ngalawa imeegeshwa ufuoni pwani ya mashariki ya Unguja, jua limeshuka, na minazi miwili imeinama juu yake. Anga imepauka, nataka kuirudishia rangi. Nabonyeza Sky, nashusha Exposure hadi -1.20 na Highlights hadi -40. Picha nzima ikiwa imejaa kwenye skrini, inapendeza. Nikiivuta karibu hadi 100%, naona vitundu vya anga kati ya makuti vimebaki vyeupe, vinameremeta kama taa ndogo zilizotundikwa mtini. Maski imeyachukua makuti pamoja na vitundu vyake kama kitu kimoja kisicho anga. Upande wa ngalawa kosa limegeuka: kamba nyembamba inayoshikilia mlingoti imemezwa na anga.

Makosa haya mawili hayana uzito sawa, na hapa ndipo nadhani mjadala huu hukosewa. Kamba ni nyeusi tangu mwanzo. Nikiitia giza pamoja na anga, hakuna atakayegundua. Kitundu cheupe kilichoachwa ndicho kinachopiga kelele, kwa sababu kila kinachokizunguka kimekuwa cheusi zaidi yake. Kwa hiyo unapopunguza mwanga wa anga, maski iliyovuka mpaka inasamehewa, ila iliyopungukiwa haisamehewi. Ukigeuza maski ili unyanyue vivuli vya ufuo, hukumu inageuka: vile vitundu sasa vimo ndani ya ufuo na vinazidi kung’aa, na kamba iliyobaki upande wa anga inakosa mwanga walioupata wenzake.

Ili kujua maski yako imekosea upande upi, usitegemee ule utando mwekundu unaoonyesha maski juu ya picha. Kwenye menyu ya nukta tatu ya paneli ya Masking chagua White on Black, kisha tembea kwenye mipaka kwa 100%. Nyeupe ni sehemu itakayoguswa, nyeusi haitaguswa. Kwenye minazi yangu taji lote lilikuwa doa jeusi, halina hata tundu moja.

Wengi hapo huchukua brashi na kuanza kudonoa kitundu kimoja kimoja. Nimefanya hivyo miaka, na sishauri tena. Select Sky inatambua kitu. Haipimi rangi wala mwanga wa kila nukta. Ukingo wa kuti ni nukta chache tu za picha, na nyingine zimechanganya jani na anga. Kazi kama hiyo inahitaji kifaa kinachopima, na Color Range kinapima. Udhaifu wake ni kwamba hakijui kitu: ukikiambia samawati, kitachukua na bahari.

Basi unakiozesha na kingine kinachokiwekea mpaka. Kwa picha ile niliifuta maski ya Sky nikaanza upya na Linear Gradient iliyofunika sehemu yote ya juu mpaka karibu na upeo wa bahari. Kisha kwenye nukta tatu za maski hiyo nikachagua Intersect Mask With, inayobakiza tu palipo ndani ya vyote viwili, halafu Color Range. Nikachora kisanduku kidogo juu ya anga wazi, nikashika Shift na kubofya ndani ya vitundu viwili vitatu vya makuti, maana anga ya humo huwa na rangi tofauti kidogo. Refine, inayobana au kupanua rangi zinazochukuliwa, nikaishusha kutoka 50 hadi 30 hivi, nikiangalia White on Black mpaka majani yakawa meusi na vitundu vikafunguka. Tanga la ngalawa, lililokuwa jeupe kama anga, likaingia ndani. Nikalitoa kwa Subtract na brashi. Dakika nne.

Kuna njia ya mkato inayoshawishi: kuiacha Sky ilivyo na kutengeneza maski ya pili kwa ajili ya vitundu tu. Inaharibu. Maski mbili zikipandana, marekebisho yake hujumlishwa, na pale zinapokutana anga inapata giza mara mbili. Unabadilishana vitundu vyeupe kwa madoa.

Background inafuata kanuni ileile, ila kwa watu. Nywele za afro mara nyingi hukatwa laini, kana kwamba mtu amevaa kofia, na kati ya nywele na ukuta uliotiwa giza unabaki ukanda wa mwanga. Hapa Add kwa brashi yenye Feather 100 na Flow ya chini, Auto Mask ikiwa imezimwa, inatosha. Hata ukiingia kidogo ndani ya nywele nyeusi hakuna hasara. Shela ya bibi harusi ndiyo ngumu kweli, kwa sababu ni nyepesi na mandhari inaonekana kupitia kwake. Maski ikiiweka upande wa bibi harusi, taa za ukumbi zilizo nyuma ya shela zinabaki kali huku za pembeni zimefifia, na macho yanakwenda hapohapo. Shela inahitaji nusu: naipitia mara moja kwa Add na brashi ya Flow 30, ili ipate sehemu tu ya giza lililopewa ukuta.

Kwa hiyo nikiwa na picha mia tatu za harusi za kukabidhi Jumatatu, natumia maski za moja kwa moja bila kusita, na Exposure ya anga siishushi zaidi ya -0.5. Kwa kiasi hicho vitundu vya makuti havitofautiani sana na anga iliyobaki, na kwenye simu havionekani. Mteja akichagua picha moja ya kutundika sebuleni kwa ukubwa wa mita moja, hiyo naifungua peke yake na kuanza upya na gradienti. Kabla ya kugusa maski yoyote nawasha Remove Chromatic Aberration na kupandisha Purple Amount ya Defringe, kwa sababu uzi wa zambarau kwenye kingo za makuti unaweza kuidanganya Color Range, na anga ikishatiwa giza ndio kwanza unaonekana.