Heshi ya kekeo na hofu ya kujenga jedwali upya

“Kwa nini nitumie muundo ambao kuingiza ufunguo mmoja tu kunaweza kulazimisha jedwali zima lijengwe upya?”

Hofu hii ina msingi, lakini wengi wanaoishika hawajui ni lini hasa jedwali hulazimika kujengwa upya. Heshi ya kekeo, iliyotolewa na Rasmus Pagh na Flemming Friche Rodler mwaka 2001, ina majedwali mawili na fanksheni mbili za heshi, yaani hesabu zinazougeuza ufunguo kuwa namba ya nafasi. Kila ufunguo una nafasi mbili tu duniani: moja katika jedwali la kwanza, nyingine katika la pili. Ukiutafuta, unafungua visanduku viwili basi. Haupo huku wala kule? Basi haupo kabisa. Ahadi hiyo ya kusoma haitegemei bahati wala wastani, na ndiyo sababu ya kuuvumilia muundo huu.

Gharama yake inalipwa wakati wa kuingiza. Ufunguo mpya ukikuta nafasi yake imeshikwa, humsukuma mwenyeji kama kinda la kekeo linavyosukuma mayai ya wenyewe nje ya kiota. Aliyesukumwa hukimbilia nafasi yake katika jedwali la pili, naye akikuta mtu humsukuma, na mnyororo unaendelea:

```python
def ingiza(x):
    for _ in range(KIKOMO):
        i = h1(x); x, T1[i] = T1[i], x
        if x is None: return True
        j = h2(x); x, T2[j] = T2[j], x
        if x is None: return True
    return False   # x huyu huenda si yule wa mwanzo
```

Wanaoshutumu husema kwamba mnyororo ukishajizungusha ukarudi ulikotoka, kazi imekwisha. Si kweli, na mfano mdogo unatosha kuonyesha. Tuseme A anaruhusiwa nafasi ya 2 katika jedwali la kwanza au 5 katika la pili. B ni 4 au 5. C ni 4 au 7. D ni 2 au 7. A amekaa katika 2, B katika 5, C katika 4, D katika 7, na nafasi zote nne zimejaa. Anakuja X, ambaye ni 2 au 9. Anamtoa A, A anamtoa B kutoka 5, B anamtoa C kutoka 4, C anamtoa D kutoka 7, na D anarudi 2 anakomkuta X mwenyewe na kumtoa. X anakwenda 9, nako ni kutupu. Mzunguko umekamilika, kila mtu amehama, na hakuna kilichoharibika.

Sasa aje Y, mwenye 4 au 5. Hapo hata usukume mpaka kesho hutafanikiwa, kwa sababu A, B, C, D, X na Y ni funguo sita zinazogombea visanduku vitano tu: 2 na 4 upande mmoja, 5, 7 na 9 upande wa pili. Sharti zima ndilo hilo. Katika kila kundi la visanduku vilivyounganishwa na funguo zake, funguo zisizidi visanduku. Mzunguko mmoja ndani ya kundi unavumilika, miwili haivumiliki. Kikomo cha mnyororo ni kipimo cha haraka cha sharti hilo, maana kukagua makundi yenyewe kila mara ni kazi nzito. Kikifikiwa ndipo jedwali hujengwa upya: funguo zote huingizwa tena kwa fanksheni mpya au nafasi zaidi. Waasisi walipendekeza mara tatu ya logi ya ukubwa wa jedwali moja, kwa kizio cha moja jumlisha ziada ya nafasi. Kwa funguo milioni 1 na majedwali mawili ya nafasi 1,250,000 kila moja, yaani ziada ya 0.25, kikomo kinakuwa karibu 190, na minyororo mingi huisha mapema mno kabla ya kukikaribia.

Je, balaa hili hutokea mara ngapi? Chukua sura yake ndogo kuliko zote: funguo tatu zenye jozi ileile ya nafasi. Utatu unaowezekana ni karibu n³/6, na uwezekano wa utatu mmoja kukubaliana pande zote mbili ni 1/r⁴, ambapo n ni idadi ya funguo na r ni ukubwa wa jedwali moja. Kwa mfano wetu inatoka takriban 7 kwa milioni 100. Ziko sura nyingine zinazoongeza hesabu hiyo, lakini jumla yao inabaki katika kiwango cha moja kwa n, mradi majedwali yasikaribie nusu kujaa. Hebu litazame hilo vizuri. Ongeza funguo mara mbili na majedwali mara mbili, hatari inapungua kwa nusu. Watu huogopa kwamba data ikikua maafa yataongezeka, kumbe jedwali dogo ndilo la kuangaliwa zaidi. Kwa funguo 1,000 kwa ujazo uleule, sura hiyo moja pekee inafika karibu 7 kwa 100,000.

Upande wa pili una hoja zake, na mbili ni nzito. Kwanza, kumbukumbu: majedwali haya hayavuki nusu kujaa, wakati njia ya kujaribu nafasi inayofuata hufanya kazi vizuri hata kwenye asilimia 70, tena ikisoma visanduku jirani ambavyo prosesa imekwisha kuvivuta kwenye kashe. Sisi tunaruka sehemu mbili zisizohusiana. Kwa programu ya kawaida, njia hiyo mara nyingi huwa na kasi zaidi, na hapo sina ubishi. Pili, wastani mzuri haumsaidii yule mteja mmoja ambaye ombi lake limeangukia kwenye ujenzi wa funguo milioni. Hilo lina dawa: mwaka 2008 Kirsch, Mitzenmacher na Wieder walionyesha kwamba akiba ndogo ya pembeni yenye nafasi s hushusha hatari hadi kiwango cha moja kwa n kwa kipeo cha s + 1. Nafasi tatu au nne zinatosha, kwa gharama ya kuzichungulia nazo wakati wa kutafuta.

Kinachonikera ni kuona muundo ukilaumiwa kwa ujenzi uliofanywa vibaya. Angalia tena mstari wa mwisho wa ule msimbo. Mnyororo ukikata tamaa, ufunguo ulioko mkononi huenda ni wa zamani, aliyeingizwa wiki iliyopita. Mtu anayerudisha “imeshindikana” na kuutupa amepoteza rekodi halali, na ile mpya imekaa ndani salama. Lazima x huyo aingie kwenye ujenzi pamoja na wengine.

Halafu kuna kujenga kwa dawa isiyohusiana na ugonjwa. Ikiwa majedwali yamefika nusu, kubadilisha mbegu za heshi, yaani namba zinazoamua fanksheni zitawanye funguo vipi, hakusaidii kitu. Utajenga, utashindwa, utajenga tena. Panua. Ikiwa umeshindwa kwenye asilimia 30, kupanua ni kupoteza kumbukumbu, badilisha mbegu. Na kama fanksheni zako zote mbili zinakokotolewa kutoka heshi moja ya biti 32, funguo tatu zilizogongana hapo zitagongana milele, hata upanue mara kumi. Fanksheni dhaifu nazo zina kesi yao: Dietzfelbinger na Schellbach walionyesha mwaka 2009 kwamba heshi rahisi za kuzidisha huangusha muundo huu pale funguo zinapokuwa zimesongamana katika eneo la namba zinazowezekana.

Kwa hiyo andika kwenye daftari la matukio la programu vitu viwili kila unapojenga: ujazo wa wakati huo, na wastani wa urefu wa minyororo kabla yake. Minyororo iliyokuwa ikirefuka taratibu kadiri ujazo unavyokaribia nusu inadai nafasi. Minyororo mifupi kisha kushindwa kwa ghafla mara moja ni bahati mbaya, mbegu mpya zinaimaliza. Kushindwa tena na tena kwenye ujazo mdogo, hata baada ya mbegu mpya, kunaelekeza kwenye fanksheni yenyewe, au kwa mtu anayekuchagulia funguo kwa makusudi.