Chanja Mbili Mbili

Kikundi chetu cha kuanika dagaa juu ya chanja za miti hapa Kibirizi, Kigoma, kina wanachama wanane na mwenyekiti mwenye wivu na maneno yake. Muhtasari wa kikao kimoja ulimkera: yeye kaongea nusu saa, mimi nimetoa mistari minne. "Katibu, maneno yangu mengine umeyatupa ziwani? Safari hii andika yote, usiruke hata neno."

Nikamrekodi kwa simu, nikaandika:

"Sasa eeh zile chanja yaani zile za pale si mnajua zimekwisha kwa hiyo huyu nani fundi atutengenezee mbili mbili hivi pale basi."

Kikaoni hakuna aliyepotea. Ile "sasa" haikuwa ya wakati, ilikuwa ya kutunyamazisha ili afungue hoja. "Zile chanja" alizitanguliza peke yake, tuzitazame kwanza, habari yake ije baadaye. "Yaani" ilimwokoa sentensi ilipomkatikia njiani. "Si mnajua" ilidai tutikise vichwa, tukatikisa. "Huyu nani" ilimshikia nafasi jina la fundi likitafutwa. Na "pale" ya mwisho aliielekeza kwa mdomo, upande wa mwembe.

Balaa lilikuwa "mbili mbili". Kwenye simu unamsikia: "mbiliii," kimya, anamtazama mweka hazina, kisha "mbili hivi." Anasita tu, hesabu ni chanja mbili. Lakini Kiswahili kina "mbili mbili" nyingine, isemwayo kwa pumzi moja, yenye maana ya mbili kwa kila mtu, kama watoto wanavyogawiwa maandazi. Sikio linazitenganisha kwa ule ukimya. Ukimya hauna herufi; ungehitaji angalau nukta tatu katikati, na mwenyekiti aliagiza maneno, nukta hakuzitaja.

Fundi hakuwepo kikaoni. Karatasi alikabidhiwa na mke wa mwenyekiti, uani kwao. Akaisoma kama alivyofundishwa shule: wanachama wanane, mbili mbili, 16. Mahali? "Pale." Mdomo wa mwenyekiti haukuwa kwenye karatasi, basi "pale" ikawa pale alipopewa kazi.

Mwenyekiti alirudi kutoka Kasulu siku ya tatu akakuta ua umejaa chanja hadi mlango wa choo. Mkewe alikuwa akipita kwa ubavu na ndoo kichwani.

Nikamsomea namna ambayo muhtasari ungekaa: "Kikao kiliamua fundi atengeneze chanja mbili mpya, zijengwe kando ya mwembe." Akafikiri. "Fupi mno. Mimi naonekana wapi hapo?"

Fundi akadai fedha za chanja 16. Mwenyekiti akavuta pumzi: "Sasa, yaani, fundi, wewe si unajua..."

"Sijui," fundi akasema. "Niandikie."