Kidole kinapolala mdomoni: shangazi, bibi na meno ya mtoto

"Daktari, binti yangu ana miaka minne na nusu na bado hapati usingizi bila kunyonya kidole gumba. Bibi yake anataka nimpake shubiri kabla meno hayajaharibika. Shangazi yake anasema nimwache, ataacha mwenyewe. Mdogo wake ana miezi mitano, yeye anatumia chuchu ya mpira ya kumtuliza. Nimsikilize nani?"

Shangazi ana hoja nzito, mama, kwa hiyo nianze naye. Kunyonya ni silika. Mtoto huonekana kwenye altrasaundi ana kidole mdomoni angali tumboni, na watoto wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne bila dawa wala fimbo. Tena meno ya mbele yaliyosogea katika umri huu ni ya utoto. Ya ukubwani huanza kutoka kwenye miaka 6 kwa chini na miaka 7 hivi kwa juu. Kidole kikiachwa kabla ya hapo, lile pengo la mbele kati ya meno ya juu na ya chini mara nyingi hujifunga taratibu, kwa sababu hakuna tena kinachoyazuia meno kukutana.

Lakini bibi naye ameona jambo la kweli, ingawa shubiri yake sijaikubali.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Msukumo mdogo ukidumu muda mrefu hulihamisha, na msukumo mkubwa wa dakika chache haulihamishi. Ndiyo maana mtoto anayenyonya kwa nguvu mpaka shavu linabonyea, kisha kidole kikaanguka mara tu anaposinzia, anaweza kubaki na meno sawasawa. Mwenzake ambaye kidole kimelegea tu mdomoni tangu saa tatu usiku hadi alfajiri ndiye anayesogeza meno. Wataalamu wa kupanga meno hutaja takribani saa 6 kwa siku kuwa ndipo hatari inapoanzia. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu umri, ingia chumbani saa moja baada ya binti kulala, uingie tena kabla ya adhana ya alfajiri. Ukikuta kidole bado kipo mara zote mbili, una jibu ambalo shangazi hana.

Kidole gumba huyasukuma meno ya juu ya mbele yatoke nje, na ya chini huyalaza kuelekea ulimi. Pia hukaa kati yao kama kabari, hivyo mtoto akiuma magego yanakutana ila mbele panabaki uwazi. Haya ndiyo kila mtu huyaona, na ndiyo yanayowatia wazazi hofu. Mimi huogopa zaidi yale yanayotokea pembeni. Kwa kawaida ulimi hupumzika ukiwa umegusa kaakaa, na kutoka huko huyashikilia meno ya juu kwa ndani dhidi ya mashavu. Kidole au chuchu ikiingia, ulimi hushuka chini. Mashavu yanabaki yanabana peke yake, na taya la juu linakuwa jembamba, hasa kwenye usawa wa chonge. Mwishowe meno ya pembeni ya juu yanafunga kwa ndani ya yale ya chini, badala ya kuyafunika kwa nje. Kasoro hii, tofauti na pengo la mbele, mara nyingi hairudi yenyewe. Hapo ndipo hoja ya "ataacha mwenyewe" inapoishia: kweli ataacha, lakini taya litabaki jembamba.

Nilimhudumia mvulana wa miaka mitano ambaye wazazi walimleta kwa ajili ya pengo la mbele la milimita 4. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na sugu juu ya kifundo, na kilikuwa kisafi kuliko vingine vyote. Pengo lenyewe lilikuwa kubwa zaidi upande huohuo. Nilipomwambia aume polepole, meno yalikutana kwanza kwenye chonge, kisha kidevu kikateleza kwenda kulia ili magego yapate pa kukaa. Wazazi walikuwa hawajawahi kuona hilo. Alipoacha kidole, baada ya miezi sita pengo lilikuwa limebaki milimita moja. Kidevu kiliendelea kuteleza vilevile, ikabidi awekewe kifaa cha kupanua taya la juu. Mtoto akikua huku kidevu kinakwenda upande kila anapouma, taya la chini linaweza kukua bila kulingana pande zote mbili, na hilo si kazi ndogo kulirekebisha ukubwani.

Si kila pengo ni la kidole, lakini. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi huenda ana tezi zilizovimba nyuma ya pua, na huyo hata ukimfunga mikono meno hayatakaa sawa mpaka apumue vizuri.

Sasa shubiri, na ndugu yake pilipili. Pilipili naikataa kabisa, maana kidole hichohicho ndicho atakachojisugulia macho usiku. Shubiri haina madhara hayo, ila mtoto huichukulia kama adhabu, na kidole ndicho anachokimbilia akiadhibiwa. Binti wa miaka minne na nusu anaelewa akielezwa. Mwonyeshe kwenye kioo meno yake yasivyokutana, muulize kama angependa kusaidiwa, na mmalize kwanza unyonyaji wa mchana. Kwa usiku, chukua bandeji laini ya kuvutika uizungushe kwenye kiwiko kwa ulegevu, bila kubana damu. Akiwa macho anaweza kukunja mkono, lakini usingizi ukikolea bandeji inaunyoosha na kidole kinatoka chenyewe. Wiki sita hadi nane kwa kawaida hutosha, ikiwa mtoto mwenyewe ameridhia. Vizuizi vya chuma vinavyogandishwa kwenye magego vipo, na vinafaa kwa mtoto mkubwa anayetaka kuacha akashindwa. Kwa umri wa binti yako sioni sababu ya kuanzia huko.

Kuhusu mdogo wake nitasema kinyume. Miezi mitano chuchu ya mpira haina haja ya kuondolewa. Madaktari wa watoto wa Marekani huishauri wakati wa kulala, baada ya kunyonya maziwa ya mama kuzoeleka, kwa sababu imeonekana kuambatana na vifo vichache vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Shirika la Afya Duniani, ambalo zamani liliwakataza wahudumu wa wodi za uzazi kuwapa chuchu za mpira watoto wanaonyonya maziwa ya mama, tangu 2018 linasema mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari zake. Hatari mojawapo ni masikio kuuma mara kwa mara, ndiyo maana baada ya miezi sita ni vyema kuanza kuipunguza. Kwa meno, chuchu hubana taya pembeni zaidi kuliko kidole, ila ina faida moja kubwa: unaweza kuificha kabatini. Chama cha madaktari wa meno ya watoto cha Marekani huweka kikomo kwenye miaka 3. Mimi nasema uanze kuipunguza kwenye mwaka wa kwanza, ibaki ya usingizi tu, iondoke kabla hajatimiza miaka miwili. Ikimdondoka akiwa amelala, usiirudishe. Na isichovywe kwenye asali wala sukari.

Kwa dada yake, fanya kipimo cha kidevu kesho asubuhi. Mwambie afunge meno polepole huku unatazama katikati ya kidevu. Kikishuka na kupanda wima, una miezi kadhaa ya kufanya kazi ya bandeji bila haraka. Kikiteleza upande, mpeleke kwa daktari wa meno mwezi huu, hata kama kidole kimeshaachwa.