Mtu wa zamu ya usiku asipopokea simu ya tahadhari kutoka kwenye mfumo, tungoje dakika 5 au 15 kabla ya kumwamsha mtu wa pili?

Chukua hali hii. Saa 8:10 usiku, diski ya seva ya hifadhidata imebakiwa na nafasi ya GB 20, na logi zinaijaza kwa GB 1 kila dakika. Simu ya mtu wa zamu inaita, hapokei. Saa 8:30 diski itajaa na hifadhidata itasimama.

Kanuni ikisema wa pili aitwe baada ya dakika 15, simu yake italia saa 8:25. Hadi aamke, afungue kompyuta, aingie kwenye mtandao wa kazini na kugundua kwamba chanzo ni logi, dakika 10 zimekwisha. Amechelewa. Kwa dakika 5, anaitwa 8:15 na kufikia tatizo 8:25. Anabaki na dakika 5 za kuokoa jahazi, ambazo ni chache, maana kufuta faili la logi ambalo programu bado imelifungua hakurudishi nafasi mpaka programu hiyo iliachie.

Wanaotetea dakika 15 wana hoja nzito. Mtu wa zamu anaweza kuwa bafuni au anaendesha gari, na baada ya dakika 7 angeshika simu mwenyewe. Ukimwamsha mwenzake bure kila mara, naye ataanza kuzima sauti ya simu. Kibaya zaidi, yule wa kwanza hujifunza kutegea, akijua kuna mwingine ataitwa. Lakini naona kosa hapo si dakika 5. Ni kuita kila kitu dharura. Dakika 5 ziwekewe tahadhari ambazo madhara yake yana saa maalumu ya kutokea, kama hii ya diski. Nyingine zingoje 15, au asubuhi.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi: kitufe cha kuthibitisha kwamba umepokea tahadhari. Mtu akikibonyeza usingizini saa 8:12 kisha akalala tena, mfumo unahesabu kwamba tahadhari ina mwenyewe, na wa pili haitwi kamwe. Dawa yake ni uthibitisho unaoisha muda, tuseme baada ya dakika 10, kisha simu ziite upya kwa wote wawili kama tatizo halijafungwa. Diski yetu haitaokoka kwa hilo, ila hifadhidata italala kwa dakika kadhaa badala ya hadi asubuhi. Wapo wanaolalamika kwamba simu inamkatiza mtu aliye katikati ya kazi. Ni kweli, inakera. Hata hivyo, kuongeza muda ni kubonyeza mara moja tu.

Kujua kama timu yako ina ugonjwa huu, linganisha saa ya kila uthibitisho wa usiku na saa mtu alipoingia kwenye seva. Ukikuta uthibitisho wa 8:12 na aliyeingia wa kwanza ni wa saa 12 asubuhi, zungumza na mtu huyo kuhusu urefu wa zamu zake kabla hujagusa kanuni yoyote.